Libasi ya Mvuvi wa Jarife Katika Msimu wa Kusi

Mtu anayenunua nguo za kazi ya bahari aghalabu huzichagua mchana, zikiwa kavu, naye amesimama juu ya sakafu isiyotikisika. Ilhali nguo hizo zitakuja kuhukumiwa saa nane ya usiku, zikiwa zimerowa maji ya chumvi, juu ya ubao unaopanda na kushuka, mwilini mwa mtu ambaye mikono yake yote miwili imeshika wavu na hana hata kidole kimoja cha kujifutia uso. Ndiyo maana nguo ambayo sokoni huonekana nzito, ya maana na ya kudumu, huweza kuwa ya kwanza kumdhuru, na ile iliyodharauliwa kwa wepesi wake ikawa ndiyo iliyomsitiri mpaka alfajiri. Nataka katika makala haya nimchukue mvuvi mmoja, nimvike tangu ngozini mpaka nje, na kila vazi nilieleze kwa hali litakayokuwa nayo likisharowa, kwa kuwa juu ya mashua ukavu ni hali ya kupita tu.

Mvuvi wetu na awe baharia wa mashua itokayo Kizimkazi, kusini ya Unguja, katika mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiwa umeshika. Wamo watu watano. Wanaondoka kabla ya magharibi, wanalitega jarife nje ya miamba usiku unapoingia, wanangoja nalo mpaka kama saa tisa, kisha wanalivuta na kurudi. Hewa ya usiku kama huo haishuki sana chini ya digrii 22, na maji ya bahari yana kama digrii 25, wala mgeni wa nchi za theluji hatasadiki kwamba katika hali hiyo mtu anaweza kutetemeka hata vidole vyake vikashindwa kufungua fundo. Lakini hutetemeka, na sababu yake si ubaridi wa hewa bali ni kule kukauka kwa nguo mwilini mwake. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi: ili nusu lita ya maji iliyomo nguoni ikauke, hutakiwa joto linalokaribia lile lote ambalo mwili wa mtu aliyekaa kitako hulitoa kwa muda wa saa nne, na ingawa sehemu ya joto hilo hutoka katika hewa yenyewe, sehemu iliyobaki hunyang'anywa mwili, na upepo usiokoma huuharakisha unyang'anyi huo.

Sasa tumtazame alivyovaa siku zote. Ana fulana ya pamba, na juu yake shati la pamba, na chini suruali ya jinzi, ambayo ikiwa kavu hukaribia robo tatu ya kilo. Nguo ya pamba iliyoroweshwa na kukamuliwa kwa mikono hubaki na maji yanayokaribia uzani wake yenyewe, maana uzi wa pamba huyanywa maji mpaka ndani ya nyuzinyuzi zake, wala mkono hauwezi kuyatoa huko. Kwa hiyo suruali peke yake, baada ya rasharasha za wimbi la kwanza, imekwisha kubeba ile nusu lita niliyoitaja na zaidi, nayo haitakauka usiku ule hata ukicha, kwa kuwa kila inapotaka kukauka wimbi jingine huirudishia. Mvuvi huyu atauhisi uzito magotini anapotaka kuvuka dasta, atauhisi ukakasi mapajani ambako chumvi na mshono mnene hukwaruza ngozi, na ifikapo saa tisa, wakati wa kuvuta jarife, nguvu alizozitarajia zitakuwa zimekwisha kutumika katika kujipasha moto.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walivua kwa pamba tupu, bafta na marekani na kaniki, na hawakufa. Ni kweli, lakini nguo ya mzee yule ilikuwa kitambaa kimoja chepesi kisicho na mfuko wala mshono mnene, ambacho kikirowa hukamuliwa, kikafungwa kwenye foromali, kikapigwa na upepo kwa nafasi fupi na kuvaliwa tena. Pamba nene iliyokatwa kwa ajili ya kazi za nchi kavu ni jambo jingine kabisa.

Vazi la ngozini, basi, liwe la polista nyembamba au la nailoni, la mikono mirefu na ukosi unaofunika shingo. Uzi wa polista hauyanywi maji ila kwa kadiri isiyofika hata sehemu moja katika mia ya uzani wake; maji hukaa baina ya nyuzi tu, na kwa sababu hiyo ukiikamua nguo yake hutoka karibu yote, na upepo ule ule uliokuwa ukimwadhibu mtu huimaliza kazi kwa muda mfupi. Lakini hapa pana hadhari ambayo wauzaji hawaitaji: si kila nguo ya polista hukauka upesi. Ile yenye manyoya ndani, na zile sweta nene za michezo, huyakamata maji katika nafasi zilizomo baina ya nyuzi, na huwa nzito kama jinzi. Ushike mbele ya nuru kitambaa unachotaka kukinunua. Kikipitisha mwanga kidogo na kikiwa chepesi mkononi, hicho ndicho. Fulana za wachezaji wa mpira, zenye vitundu vidogo vidogo, zimejaa katika mabunda ya mitumba, nazo kwa kazi hii ni bora kuliko mashati mengi mapya ya bei kubwa.

Na kwa kuwa nguo za mitumba mara nyingi zimekatwa vibandiko, mnunuzi ajue namna ya kuujaribu uzi. Chomoa uzi mmoja katika upindo wa ndani, uuchome kwa kiberiti: ukiwaka kwa moto wa utulivu, ukanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, ni pamba; ukijikunja, ukayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni polista au nailoni; na ukiyafanya mambo yote mawili, kitambaa ni cha mchanganyiko, nacho kitakauka kwa mwendo ulio baina ya viwili hivyo.

Jaribio hilo hilo linakuonya juu ya madhara ya kitambaa chenyewe. Kinachoyeyuka kwa kiberiti huyeyuka pia kikigusa bomba la moshi la mashine au kioo cha karabai, na kikiyeyuka hushikamana na ngozi, na jeraha lake huwa baya kuliko la pamba iliyoungua. Kwa hiyo yule anayeshughulika na mashine, na kadhalika wavuvi wa dagaa ambao bado hutumia karabai, na avae juu ya mikono yake kitambaa cha pamba au cha sufu kwa muda wa kazi ile ya moto, kisha akivue.

Kuhusu mkato wa nguo nina neno moja, nalo ni kubwa kuliko yote niliyokwisha kuyasema mintarafu ya kitambaa. Jarife linapotupwa, matundu yake hupita kwa kasi juu ya ubavu wa chombo, na kila kitu kinachochomoza juu ya mwili wa baharia ni ndoana kwake: kifungo cha shati, bizimu ya mkanda, pete, saa ya mkononi, ncha ya kamba ya kiunoni, kitambaa cha msuli kinachopepea. Wavu ukikinasa kimoja katika hivyo humvuta mtu baharini pamoja nao, naye huzama akiwa amefungwa, na kuogelea hakumfai kitu. Kwa sababu hiyo shati la kazi liwe la kuvaliwa kwa kichwani, lisilo na kifungo hata kimoja. Vifungo vya mikono vikatwe na mahali pake pashonwe mpira mwembamba. Suruali iwe ya kiuno cha mpira chenye kamba ya ndani, isiyozidi kifundo cha mguu. Na pete iachwe nyumbani. Msuli na kikoi ni nguo za heshima na raha, lakini mahali pake ni ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachobana, iliyofungwa tezi, ambamo kila baharia atatia pia sweta moja kavu ya sufu. Saa zile za kungoja, jarife likiwa majini na hakuna kazi, ndipo mtu atajikamua, atavaa sweta yake na kujizungushia kikoi; na kabla ya kuanza kuvuta atavirudisha ndani ya ndoo. Hila hii ndogo hufanya kazi kubwa kuliko koti lolote, kwa maana mvuvi hujipatia saa tano au sita za ukavu katika usiku ambao angeupitisha wote akiwa maji.

Tuje sasa katika rasharasha. Chombo kinachokwenda kwa tanga dhidi ya kusi huyapata maji yake upande wa goshini na omoni, nayo hayaji kama mvua itokayo juu, bali huja kwa ubavu, kwa nguvu, na mara nyingine hutoka chini yakapanda. Koti la mvua la mjini, lenye mwavuli wake wa mabega na uwazi wa chini, limefanywa kwa mvua ya juu, na baharini hujaa upepo likawa tanga la pili. Kinachofaa ni vitu viwili: ovaroli ya mpira yenye kifua na kamba za mabegani, na koti fupi la mpira linaloishia nyongani, likiifunika ovaroli kwa kiasi cha viganja viwili. Huyo aliyekaa demani, akiwa amekingwa na wenzake, ovaroli peke yake yamtosha. Koti ni la anayeketi goshini na la anayeshika usukani, ambaye hawezi kuuacha uso wake uepe maji.

Maji huingia kwa milango miwili, nayo si ile watu wanayoidhani. Hayapenyi katika kitambaa, isipokuwa koti limechakaa; huingia shingoni, na huingia kwa mikono. Mvuvi anapovuta wavu mikono yake huwa juu ya kiwango cha viwiko, na maji yatokayo katika wavu huteremka kwenye viganja, yakapita ndani ya mkono wa koti mpaka kwapani, na baada ya pima chache za wavu fulana yote imerowa chini ya koti zima lisilo na tundu. Mkono wa koti kwa hiyo lazima uwe na mkono wa pili ndani yake, mfupi, wenye mpira unaoshika kifundo. Na kama koti ulilo nalo halina, kata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kipana kama vidole vinne, ukivae juu ya mkono wa koti kama bangili, kisibane hata damu ikazuilika wala kisilegee hata kidole kikapita bila ya kusukumwa. Shingoni funga kitaulo kidogo chembamba, ncha zake zikiwa ndani ya koti, na ukikamue kila kinaporowa.

Lakini koti la mpira huzuia maji ya nje na ya ndani vile vile. Mtu anayevuta jarife hutoka jasho, na jasho lisilokuwa na pa kwenda humrowesha sawasawa na bahari. Yapo makoti ya ghali yanayodaiwa kupitisha mvuke wa jasho na kuzuia maji, na madai hayo si ya uongo, ila vitundu vyake visivyoonekana kwa macho huzibwa na chumvi na mafuta ya samaki, na koti lisilooshwa kwa maji baridi kila safari hubaki koti la mpira la bei kubwa. Kwa mvuvi wetu nashauri la mpira mtupu, na adabu ya kulivaa: alivae mashua inapokata mawimbi kwenda na kurudi, na wakati wa kuvuta alifungue mbele, au alivue abaki na ovaroli, kwa sababu ubaridi hauji katika ile kazi bali baada yake. Rangi iwe ya manjano au ya machungwa. Koti la buluu au la kijani ni zuri machoni nchi kavu, lakini mwenye kulivaa akianguka, mwenzake aliyegeuza uso kwa nukta chache hatamwona tena baina ya mawimbi. Na kile kikofia cha koti kisivaliwe usiku ila kwa dharura, maana hufunika masikio, na usiku masikio ndiyo hutangulia kuujua mvumo wa mwamba na sauti ya nahodha.

Miguuni wengi hawavai kitu, na mimi siwalaumu, kwa kuwa vidole vya mtu aliyekulia ngarawani hushika ubao mkavu kuliko kiatu chochote. Lakini ubao wa mashua ya jarife si mkavu: una ute wa samaki, una magamba, una tone la mafuta ya mashine, na una mwiba wa taa na pezi la hongwe, ambavyo hupenya unyayo uliolainika kwa maji kana kwamba si kitu. Kandambili ni shari zaidi ya kutovaa kiatu, kwa sababu kisigino chake hakikushikwa, na mguu ukiteleza hugeuka ndani yake. Kinachotakiwa ni kiatu cha mpira chenye matundu ya kutolea maji, kinachokamata kisigino, kisicho na kamba za kufunga ambazo wavu ungezishika, na chenye soli laini iliyochanjwa machanjo membamba ya kukingama. Machanjo hayo hufunguka mguu unapopinda, yakayasukuma maji kando ili mpira uuguse ubao wenyewe. Bila ya hayo maji hubaki baina ya viwili kama ngozi nyembamba, na mtu huteleza juu ya maji, si juu ya ubao. Soli yenye meno makubwa ni ya matope ya shamba; juu ya ubao hugusa kwa ncha chache tu, na baina ya meno hukaa mchanga unaokwangua chombo. Ukiwa na viatu vya namna mbili na huna yakini kipi ni bora, viweke sambamba juu ya ubao uliomwagiwa maji na kupakwa ute wa samaki, tia jiwe la uzani ule ule ndani ya kila kimoja, kisha nyanyua ncha ya ubao polepole: kitakachotangulia kushuka ndicho kitakachokuangusha.

Gambuti hutumika sana na huzuia maji, nalo nitalisemea kidogo kwa kuwa husingiziwa neno lisilo lake. Watu husema likijaa maji humzamisha mtu. Maji yaliyomo ndani ya gambuti, madamu limo baharini, hayana uzito wa kumvuta mtu chini, kwa kuwa ni maji ndani ya maji. Taksiri yake ni kwamba miguu hushindwa kupiga, na wakati wa kupanda chomboni maji hayo hayo, yakiwa sasa juu ya uso wa bahari, huwa kilo kadhaa zinazoning'inia miguuni mwa mtu aliyekwisha kuchoka. Anayetaka kulivaa achague fupi na pana kiasi cha kuweza kulipiga teke likatoka bila ya kutumia mikono. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wana shida iliyo kinyume cha hiyo, maana tope hukivuta kiatu kipana, na kwao kubana ndiyo sifa ya kwanza.

Sasa tumefika kwenye jaketi okozi, ambalo huvaliwa juu ya vyote hivi, wala halivaliwi chini ya koti asilani. Likiwa chini ya koti haliwezi kushikwa na mkono wa mwokoaji, utepe wake unaong'aa kwa mwanga wa tochi haumsaidii mtu, na filimbi haifikiki. Na likiwa ni la kujazwa hewa, litakapovimba chini ya koti lililofungwa litambana kifua mwenye kulivaa hata ashindwe kuvuta pumzi.

Juu ya kila jaketi lililotengenezwa kwa kanuni ya ISO 12402 huandikwa nguvu yake ya kueleza kwa nyutoni: 50, 100, 150 au 275. Kila nyutoni 10 ni sawa na kunyanyua kilo moja. Mtu mzima aliye majini huhitaji kunyanyuliwa kama kilo nne au tano tu ili kichwa chake kibaki juu, na kwa hesabu hiyo 50 zingetosha. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu mwenye fahamu zake, anayeogelea, karibu na wenzake. Baharia aliyepigwa na foromali kichwani usiku akaanguka kifudifudi hana fahamu za kujigeuza, na jaketi la 50 halikukusudiwa kumgeuza. Kwa mashua ya jarife usiku, basi, lichukuliwe la 100 angalau. La 150 la sponji ni bora zaidi majini, ila unene wake mbele ya kifua humzuia mtu kuvuta wavu, na jaketi linalomzuia mtu kazi huishia kuwekwa chini ya dasta, ambako lina faida sawa na lililobaki dukani. Yale ya kujazwa hewa kwa mtungi mdogo wa gesi ni mepesi na hayazuii kazi, lakini hutobolewa na ndoana na miiba, hudai kukaguliwa mara kwa mara, mtungi ukishatumika lazima upatikane mwingine, na yale yanayosubiri kuvutwa kamba kwa mkono hayamfai aliyezimia. Mahali ambapo fundi wake na mitungi yake havipatikani, nachagua sponji.

Kisha lipimwe, na lipimwe juu ya libasi yote niliyoieleza, si juu ya fulana, maana jaketi linalomkaa mtu vizuri mchana huweza kumbana usiku akiwa na koti, au kulegea akilivua. Kiwango cha uzani wa mwili huandikwa ndani; kisipuuzwe. Likishafungwa vifungo vyote na kamba kukazwa, viganja havipaswi kupita chini ya kamba ya kifuani kwa wepesi, na papo hapo pumzi ndefu iweze kuvutwa bila ya taabu. Mwenye kulivaa ainue mikono juu ya kichwa, na mwenzake, akisimama nyuma, alishike mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda likafika masikioni au likamsukuma kidevu, ni kubwa, au limekosa kamba ya mapajani. Kamba hii ya kupita baina ya miguu watu wengi huikata kwa kuiona adha, nayo ndiyo inayolizuia jaketi lisimwache mtu likaelea juu peke yake huku yeye akining'inia kwa makwapa. Ncha zote za kamba zinazobaki zikunjwe na kushonwa au kufungwa kwa utepe, ili wavu usizione.

Jaribio la mwisho ni la majini, na hufanywa pwani, penye utulivu, maji yakiwa ya kifua. Baharia anyanyue miguu yake, alegeze mwili, alaze kichwa nyuma. Mdomo na pua viwe juu ya maji bila ya yeye kufanya juhudi yoyote. Kisha alale kifudifudi, wenzake wakiwa karibu, na atazame kama jaketi linamgeuza. Katika mashua yetu ya watu watano, jambo linalotukia mara nyingi ni kwamba majaketi matano yaliyonunuliwa kwa mkupuo mmoja, yote ya kipimo kimoja, huwafaa watatu tu; yule mnene hawezi kufunga kifungo cha chini, na yule kijana mwembamba jaketi linampanda usoni. Basi kila jaketi liandikwe jina la mwenyewe kwa wino usiofutika, na haya mawili yabadilishwe kabla ya safari, hata kama muuzaji atanuna. Mtoto anayechukuliwa chomboni asipewe la mtu mzima kwa tamaa kwamba atakua alijaze.

Pana kasoro moja isiyoonekana kwa macho. Sponji hupoteza nguvu yake polepole kwa kukaliwa, kwa kufanywa mto, kwa jua na kwa mafuta ya mashine, wakati kitambaa cha nje bado ni kizuri. Zamani majaketi yalitiwa sufi, ileile ya misufi ya mashambani kwetu, nayo ilielea vizuri ajabu mpaka ilipoingiwa na mafuta au kugandamizwa, kisha ikafa. Sponji hufa kwa njia hiyo hiyo, ila kwa muda mrefu zaidi. Ukilibinya kwa gumba na shimo lisirudi, au ukisikia sponji inakatika ndani kama biskuti, jaketi limekwisha. Kwa uhakika zaidi, azima dukani mawe ya mizani ya chuma yenye jumla ya kilo 10, yafunge imara kwenye jaketi la nyutoni 100, ulitie katika maji yenye kina kisichozidi kifua na uliache mpaka maji ya bahari yatakapobadilika. Chuma hupungua uzani kiasi kidogo kikiwa majini, kwa hiyo jaketi zima lazima liyabebe mawe hayo na kubaki na akiba. Likizama, au likianza vizuri kisha likashuka kadiri sponji inavyolewa maji, lisirudishwe chomboni. Usifanye jaribio hili kwa mawe ya pwani, kwa kuwa jiwe hupungua uzani sana majini na litakudanganya.

Kama fedha haitoshi kununua vyote kwa safari moja, utaratibu wangu ni huu: kwanza jaketi, pili kukata vifungo na mifuko ya nguo zilizopo, ambako hakugharimu kitu, tatu ndoo yenye kifuniko, nne fulana na suruali ya polista kutoka mitumbani, tano viatu, na mwisho ovaroli na koti. Najua wengi wangeanza na koti kwa kuwa ndilo linaloonekana. Lakini aliyevaa polista nyembamba akawa na sweta kavu ndani ya ndoo ataumaliza usiku wa Julai bila ya koti, ilhali koti zuri juu ya jinzi iliyorowa halimfai kitu.

Wakirudi asubuhi, nguo zote zisuuzwe kwa maji baridi ya kisima hata kama si chafu. Chumvi ya bahari iliyobaki katika kitambaa huvuta unyevu wa hewa, na nguo iliyoanikwa nayo huonekana kavu saa sita za mchana, kisha magharibi ikawa na unyevu tena kabla haijaguswa na tone la maji. Mwenye kuivaa huanza safari yake akiwa amekwisha kurowa. Polista isitiwe dawa za kulainisha nguo, kwa sababu huacha utando unaoizuia kukauka upesi. Koti na ovaroli zianikwe kivulini, ndani nje, zisikunjwe zingali mbichi, maana mpira hupasuka penye mikunjo. Na ufa mdogo huzibwa kwa kiraka cha baiskeli na gundi yake, baada ya mahali hapo kusuguliwa kwa msasa na kufutwa mafuta. Majaketi yatundikwe, yasirundikwe. Na lile lililoshindwa na mtihani wa mawe lisitupwe pwani wala lisiwekwe bandani kwa kudhani litafaa siku moja. Likatwe kamba zake zote na lipasuliwe katikati, kwa kuwa likiachwa zima, siku ya haraka litachukuliwa na mtu, na aghalabu mtu huyo huwa ni kijana mgeni katika mashua, asiyejua kwamba limekwisha kukataliwa.